Riba rahisi na riba mkusanyiko: piga mwenyewe hesabu ya milioni moja kwa miaka mitano

Hesabu hii watu wanaikosea sehemu zilezile kila siku. Mtu anaambiwa asilimia 10 kwa mwaka, anazidisha mara tano, anapata asilimia 50, anajua ataondoka na milioni moja na nusu, halafu siku ya kuchukua hela anakuta namba nyingine kabisa, wakati mwingine kubwa na wakati mwingine ndogo, na hajui aulize nini. Mwingine anaandika kanuni ya riba mkusanyiko vizuri tu kwenye simu lakini inamletea mabilioni.

Kwa hiyo hapa tunachukua hela moja, shilingi 1,000,000, riba moja ya asilimia 10 kwa mwaka, muda mmoja wa miaka mitano, tunaipitisha njia zote mbili mpaka mwisho. Hiyo asilimia 10 ni ya mfano, nimeichagua kwa sababu hesabu zake zinaonekana kwa macho, benki yako itakuwa na yake. Ukishaweza hii, unabadilisha namba tu.

## Andaa hivi kwanza

Karatasi na kalamu, na usiziruke, maana hatua ya tatu inaeleweka kwa kuandika.

Kalkuleta yoyote, hata ile ya kwenye simu ndogo ya batani. Ukiwa na Excel au Google Sheets ni vizuri zaidi ila si lazima.

Fomu au mkataba wako kama tayari una hela mahali. Usitumie kumbukumbu ya alichokwambia mtu dirishani, tumia kilichoandikwa.

## Hatua ya 1: Jibu maswali manne kabla hujagusa kalkuleta

Andika juu ya karatasi:

1. Hela ya kuanzia ni ngapi? Kwetu ni 1,000,000.
2. Riba ni asilimia ngapi, na ni ya kipindi gani? Kwetu ni 10 kwa mwaka.
3. Hela inakaa muda gani? Miaka 5.
4. Riba ikishapatikana inaenda wapi? Inatolewa pembeni au inaunganishwa na hela ya kuanzia?

Swali la nne ndilo linaloamua kila kitu na ndilo ambalo karibu hakuna anayeliuliza. Riba ikitolewa pembeni kila inapopatikana, hela inayozaa inabaki ileile milioni moja miaka yote, hiyo ni riba rahisi. Riba ikiunganishwa, mwaka unaofuata hela inayozaa ni kubwa kuliko ya mwaka jana, hiyo ndiyo riba mkusanyiko, riba juu ya riba. Asilimia ni ileile 10 kote kuwili, tofauti iko kwenye kitu kinachopigiwa hiyo asilimia.

Utajua umemaliza hatua hii kama majibu yote manne yako kwenye karatasi na la pili lina neno "kwa mwaka" au "kwa mwezi" pembeni yake. Kama halina, simama hapo hapo ukaulize.

## Hatua ya 2: Riba rahisi

Hii ni fupi. Asilimia 10 ya milioni moja ni laki moja. Kila mwaka laki moja, miaka mitano laki tano.

1,000,000 × 0.10 × 5 = 500,000

Hiyo 500,000 ni riba peke yake. Hela yote mwishoni ni 1,000,000 + 500,000 = 1,500,000.

Andika zote mbili kwa mistari tofauti, riba huku na jumla huku. Nasisitiza kwa sababu kanuni ya riba rahisi inakupa riba, ila kanuni ya riba mkusanyiko tutakayoitumia mbele inakupa jumla, na watu wanachukua 500,000 ya huku wanailinganisha na 1,610,510 ya kule wanaona maajabu. Linganisha riba na riba, jumla na jumla.

## Hatua ya 3: Riba mkusanyiko, mwaka kwa mwaka, kwa mkono

Usikimbilie kanuni. Chora safu nne: mwaka, hela ya kuanza mwaka, riba ya mwaka huo, hela ya kumaliza mwaka. Halafu sheria ni moja tu, hela uliyomaliza nayo mwaka huu ndiyo unayoanza nayo mwaka ujao.

| Mwaka | Kuanza | Riba | Kumaliza |
|---|---|---|---|
| 1 | 1,000,000 | 100,000 | 1,100,000 |
| 2 | 1,100,000 | 110,000 | 1,210,000 |
| 3 | 1,210,000 | 121,000 | 1,331,000 |
| 4 | 1,331,000 | 133,100 | 1,464,100 |
| 5 | 1,464,100 | 146,410 | 1,610,510 |

Jumla 1,610,510, riba peke yake 610,510. Kwa riba rahisi tulipata 500,000, kwa hiyo tofauti ni shilingi 110,510 kwa hela ileile, asilimia ileile, miaka ileile.

Sasa angalia mwaka wa kwanza. Riba ni laki moja, sawasawa na ile ya riba rahisi, hakuna hata senti ya tofauti. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu mwaka wa kwanza bado hakuna riba ya zamani ya kuzaa. Ndiyo maana mtu anayeweka hela mwaka mmoja tu halafu anaitoa, kama riba inahesabiwa mara moja kwa mwaka, hana sababu ya kuumiza kichwa kama ni rahisi au mkusanyiko, ni kitu kimoja.

Kosa la hapa: watu wanafika mwaka wa tatu wanapiga tena asilimia 10 ya milioni moja, au wanaongeza 10,000 kila mwaka kwa kuwa waliona riba imetoka 100,000 kwenda 110,000 wakadhani itaenda 120,000. Haiendi hivyo. Mwaka wa tatu ni 121,000, kwa sababu ile 110,000 ya mwaka wa pili nayo imeingia kazini. Ukiona safu yako ya riba inaongezeka kwa kiasi kilekile kila mwaka, umekosea, rudi mwaka wa tatu.

## Hatua ya 4: Njia ya mkato

Ukiitazama ile jedwali, kila mstari umezidishwa kwa 1.1 tu. Ile 1 ni hela yenyewe kubaki, ile 0.1 ni asilimia 10 inayoongezeka. Miaka mitano ni kuzidisha kwa 1.1 mara tano:

1,000,000 × 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1 = 1,610,510

Kwa kalkuleta ya kawaida fanya hivyohivyo, hata kama haina kitufe cha kipeo. Hesabu kwa sauti mara ngapi umebonyeza, au linganisha na jedwali kila baada ya kuzidisha.

Kwenye Excel au Google Sheets unaandika:

```
=1000000*(1+0.1)^5
```

Kuna makosa matatu hapa na kila moja lina alama yake ya kulitambua.

La kwanza, umeandika 10 badala ya 0.1. Jibu litakuja 161,051,000,000, bilioni mia moja sitini na moja. Hili linawapita watu kwa sababu tarakimu za mwanzo ni zilezile 1, 6, 1, 0, 5, 1, jicho linaziona linaridhika. Hesabu idadi ya sifuri.

La pili, umesahau mabano. Ukiandika `=1000000*1+0.1^5` mashine inazidisha milioni kwa moja, kisha inaongeza kipande kidogo kisichoonekana, unapata milioni moja ileile kana kwamba hela haikukua. Ukiona hela haijasogea, tafuta mabano.

La tatu ni la wanaopenda kuburuta safu. Unaweka milioni moja kwenye A1, kwenye A2 unaandika `=A1*1.1`, halafu unaburuta chini. Ni njia nzuri sana, mimi naipenda kuliko kanuni kwa sababu unaiona hela ikitembea. Ila jibu la miaka mitano liko A6, siyo A5, kwa kuwa A1 ni siku uliyoweka hela, bado mwaka haujapita. Ukipata 1,464,100 ujue umeishia mwaka wa nne.

## Hatua ya 5: Hakiki kwa kuitafuta ile 110,510

Hapa ndipo unapojua kama umeelewa au umebonyeza tu. Tumesema tofauti ni 110,510. Imetoka wapi?

Rudi kwenye jedwali, toa laki moja kwenye riba ya kila mwaka, maana laki moja ungeipata hata kwa riba rahisi. Mwaka wa kwanza inabaki sifuri. Wa pili 10,000. Wa tatu 21,000. Wa nne 33,100. Wa tano 46,410. Jumlisha, unapata 110,510 kamili.

Sasa ifuate kwa njia nyingine. Chukua laki moja ya riba ya mwaka wa kwanza peke yake, ifuatilie kama mtoto aliyeanza kazi. Imebaki ndani miaka minne, kwa asilimia 10 kila mwaka inakuwa 146,410, yaani yenyewe imezaa 46,410. Laki ya mwaka wa pili imebaki miaka mitatu, imezaa 33,100. Ya mwaka wa tatu imebaki miwili, 21,000. Ya mwaka wa nne imebaki mmoja, 10,000. Ya mwaka wa tano imefika siku ya mwisho, haijapata muda wa kuzaa.

Namba ni zilezile, zimepinduliwa tu. Na hii ndiyo inayokuonyesha kwamba riba ya mwaka wa *kwanza* ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokaa kazini muda mrefu. Mtu anayesema "mwaka huu wa kwanza naitoa riba nile, nitaanza kuunganisha baadaye" ameitoa ile ambayo ingemzalia 46,410, karibu nusu ya faida yote ya mkusanyiko kwa miaka mitano.

Kama hesabu yako mwenyewe yenye namba zako inatoa tofauti sawa kwa njia zote mbili, umemaliza, huna haja ya kumuuliza mtu kama umepatia. Kama hazilingani kwa shilingi moja au mbili ni kukadiria desimali, achana nazo. Zikipishana kwa maelfu, kuna mwaka umeuruka.

## Hatua ya 6: Kama riba inaunganishwa zaidi ya mara moja kwa mwaka

Kuna mahali wanaunganisha kila miezi sita, wengine kila mwezi. Hapa unabadilisha vitu viwili kwa pamoja: unagawa asilimia na unazidisha vipindi. Asilimia 10 kwa mwaka, kila miezi sita ni asilimia 5, na miaka mitano ina vipindi 10:

```
=1000000*(1+0.1/2)^(5*2)
```

Jibu ni 1,628,895. Kwa kila mwezi unaweka 12 badala ya 2, unapata 1,645,309. Kwa kila siku, 365, unapata kama 1,648,608.

Ukibadilisha kimoja ukasahau kingine unaharibu kabisa. Ukiongeza vipindi kuwa 10 bila kugawa ile asilimia, unapata 2,593,742, hiyo ni hela ya miaka kumi siyo mitano. Ndiyo maana swali la pili kule mwanzo lilikuwa na "kipindi gani".

Angalia pia kitu kimoja watu wanachodanganyika nacho. Kutoka riba rahisi kwenda mkusanyiko wa mara moja kwa mwaka tuliongeza 110,510. Kutoka mwaka kwenda mwezi tumeongeza kama 35,000 tu. Kutoka mwezi kwenda siku ni kama 3,300 kwa miaka yote mitano. Kwa hiyo tangazo likikuambia riba inahesabiwa kila siku usiliache likuchagulie benki, cha kuangalia kwanza ni asilimia yenyewe na kama riba inaunganishwa au haiunganishwi. Tena kuhesabiwa kila siku na kuunganishwa kila siku ni mambo mawili: benki inaweza kukokotoa kila siku kwa salio la siku hiyo lakini ikaiingiza kwenye akaunti mara moja kwa mwezi, na kinachofanya mkusanyiko ni siku inapoingia.

## Hatua ya 7: Toa kodi kabla hujafurahi

Tanzania riba ya benki inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, Kenya asilimia 15, na benki ndiyo inayokata, wewe unapokea iliyobaki. Inakatwa kwenye riba, siyo kwenye hela yako ya kuanzia, watu wanachanganya hapo.

Kwa mfano wetu tuufanye wa Tanzania. Laki moja ya mwaka wa kwanza inakatwa 10,000, inabaki 90,000. Ni kama vile riba yako ni asilimia 9. Kwa riba rahisi: 90,000 × 5 = 450,000, unaondoka na 1,450,000. Kwa mkusanyiko: 1,000,000 × 1.09 mara tano, unaondoka na 1,538,624.

Tofauti imeshuka kutoka 110,510 mpaka 88,624. Imeshuka zaidi ya asilimia 10 kwa sababu ile elfu kumi iliyokatwa mwaka wa kwanza haikupata nafasi ya kuzaa miaka minne iliyofuata. Kwa hiyo usipige hesabu nzima kwa asilimia 10 halafu ukatoe kodi mwishoni mara moja, utapata 1,549,459, ni zaidi ya elfu kumi juu ya utakachopokea. Kama kodi inakatwa kila mwaka na wewe ikate kila mwaka.

## Hatua ya 8: Hakikisha hela yako kweli inakusanyika

Sasa tutoke kwenye karatasi, maana hapa ndipo hela inapopotea bila mtu kuibiwa.

Akaunti ya muda maalum. Watu wengi wanaita fiksidi. Benki nyingi wanaifungua kwa miezi mitatu, sita, au mwaka, siyo lazima mitano, kwa hiyo miaka mitano ni kuiweka upya tena na tena. Kwenye fomu kuna sehemu ya maelekezo ya nini kifanyike siku ikikomaa, na chaguo kwa kawaida ni matatu: kulipwa vyote, kuweka upya hela ya kuanzia peke yake huku riba ikienda kwenye akaunti yako ya kawaida, au kuweka upya hela ya kuanzia pamoja na riba. La tatu tu ndilo riba mkusanyiko. Ukiweka tiki kwenye la pili una riba rahisi hata kama tangazo ukutani linasema vingine, na ile laki itakaa kwenye akaunti ya kawaida inazaa kidogo sana au haizai kabisa.

Mafanikio yanaonekana hivi: omba taarifa baada ya kuwekwa upya mara ya kwanza. Kama ulifungua ya mwaka mmoja, hela ya kuanzia kwenye cheti kipya inatakiwa iwe 1,090,000 (baada ya kodi). Ikisomeka 1,000,000, riba imeenda pembeni, kabadilishe maelekezo mapema.

Kuna mpaka mmoja wa hesabu yetu hapa. Kila inapowekwa upya benki inatumia asilimia ya siku hiyo. Tuseme bila kodi miaka miwili ya mwanzo ni 10, wa tatu ikashuka 8, wa nne na wa tano 9. Hapo huwezi kutumia kipeo cha tano, unazidisha kila mwaka na namba yake: 1,000,000 × 1.1 × 1.1 × 1.08 × 1.09 × 1.09 = 1,552,609. Ile jedwali ya mkono inalimeza hili bila shida, ndiyo maana nilikulazimisha uichore.

Na ukivunja kabla ya muda kukomaa, benki inaweza kukunyima riba ya kipindi hicho yote au sehemu yake. Soma hicho kipengele.

Hatifungani za serikali. Hapa unaikopesha serikali hela yako kwa muda maalum. Hizi Benki Kuu ya Tanzania inaziuza kwa mnada, kuna ya miaka mitano pia, na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka kwenye akaunti yako. Soma tena: *inalipwa kwenye akaunti yako*. Haiunganishwi. Hatifungani ya milioni moja yenye riba ya asilimia 10 inakupa 50,000 kila miezi sita, mara kumi, jumla laki tano, na mwisho milioni yako. Hiyo ni riba rahisi kabisa, 1,500,000.

Ile 1,628,895 tuliyopata hatua ya sita utaifikia tu kama kila 50,000 inayoingia unaipeleka mahali inazaa asilimia ileile. Na huwezi kununulia hatifungani nyingine kwa mnada kwa sababu kiwango cha chini ni milioni moja. Wenye hela ndogo wanaipeleka kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS inayopokea kiasi kidogo, ila huko hakuna asilimia iliyofungwa, faida inapanda na kushuka, kwa hiyo usiandike 1,628,895 kwenye bajeti yako kama kitu cha uhakika. Kwa mtu anayetaka hela ya kula kila miezi sita, mfano mstaafu, hatifungani inamfaa vizuri hivyohivyo ilivyo. Kwa anayetaka hela ikue bila kuguswa, kazi ya kuikusanya ni yake mwenyewe.

## Ukiletewa ofa mbili: asilimia 12 rahisi au asilimia 10 mkusanyiko?

Swali hili linakuja sana na jibu lake linategemea muda, siyo jina la riba. Tupige, bila kodi:

| Mwaka | 12% rahisi | 10% mkusanyiko |
|---|---|---|
| 1 | 1,120,000 | 1,100,000 |
| 2 | 1,240,000 | 1,210,000 |
| 3 | 1,360,000 | 1,331,000 |
| 4 | 1,480,000 | 1,464,100 |
| 5 | 1,600,000 | 1,610,510 |

Miaka minne mizima asilimia 12 iko mbele, mwaka wa tano ndiyo inapitwa, kwa shilingi 10,510 tu. Kwa hiyo mtu mwenye uhakika wa kukaa miaka mitatu achukue 12 rahisi bila kusita. Na kwa anayekaa mitano, kama anaona kuna uwezekano wa kuhitaji hela mwaka wa nne, bado 12 rahisi ni salama zaidi, tena riba yake anaishika mkononi kila mwaka.

Njia ya haraka ya kulinganisha: chukua riba yote ya mkusanyiko, 610,510, gawa kwa miaka 5, unapata 122,102, ambayo ni asilimia 12.2 ya milioni. Ofa yoyote ya riba rahisi iliyo juu ya 12.2 kwa miaka mitano inashinda. Ukibadilisha miaka lazima uipige upya, hiyo 12.2 ni ya miaka mitano tu.

## Kama wewe ndiye unayedaiwa

Mkusanyiko hauchagui upande. Mikopo ya mtaani, hii wanayoiita kausha damu, mara nyingi inatajwa kwa mwezi, na "asilimia 10" ya mwezi siyo ndugu wa asilimia 10 ya mwaka. Umekopa 100,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, hujalipa chochote mwaka mzima. Kwa riba rahisi unadaiwa 220,000. Kama riba isiyolipwa inaunganishwa na deni kila mwezi, unadaiwa 313,843. Kabla ya kusaini uliza moja kwa moja: nikichelewa, mwezi unaofuata riba inapigwa kwenye nilichokopa au kwenye nilichokopa pamoja na riba ambayo sijalipa? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Na tafadhali usichukue hesabu ya hatua ya pili ukaipeleka kwenye mkopo wa marejesho ya kila mwezi ukajiambia "ni riba rahisi, nafuu". Tuseme umekopa milioni moja, miaka mitano, asilimia 10 kwa mwaka, riba inapigwa kwenye milioni nzima mpaka mwisho, wanayoita flati. Ni 1,500,000 gawa kwa miezi 60, unalipa 25,000 kila mwezi. Asilimia 10 ileile ikipigwa kwenye deni linalobaki kila mwezi, rejesho ni kama 21,247, na jumla yote kama 1,274,800.

Sababu ni kwamba kwenye akiba milioni yako ilikaa miaka mitano kamili ikizaa, ila kwenye mkopo wa marejesho hukai nayo yote muda huo, unairudisha kidogo kidogo kuanzia mwezi wa kwanza. Ukipigiwa riba ya milioni nzima mpaka mwezi wa 60 unalipia hela ambayo ulisharudisha. Kwa hiyo ukiletewa mkopo usiulize kama riba ni rahisi au mkusanyiko, uliza rejesho la mwezi ni shilingi ngapi na ni miezi mingapi, zidisha, toa ulichokopa, na hiyo iliyobaki ndiyo gharama yako.